Kusoma eneo lenye kivuli: jinsi ya kupata masharti yanayolifunga kwenye grafu ya programu mstari

Swali la kawaida la programu mstari huanza na hadithi. Mkulima ana ekari kadhaa na fedha kadhaa, nawe unaandika masharti, unachora mistari, unatia kivuli, unatafuta faida kubwa kabisa. Lakini kuna swali jingine ambalo huwakwamisha hata wale wanaolimudu hilo la kwanza: grafu imeshachorwa, eneo limeshatiwa kivuli, na unaulizwa ni masharti gani yaliyolifunga eneo hilo. Pengine utatakiwa uyaandike mwenyewe, pengine utapewa machaguo kadhaa uteue moja.

Wengi hulitazama eneo, wakaona liko "chini" ya mstari, wakaandika ≤, wakasonga mbele. Wakati mwingine hupata. Ubaya wa njia hiyo ni kwamba ukikosa hutajua umekosa, kwa sababu hakuna ulichokipima. Ninayoieleza hapa ni ndefu kidogo, ila kila hatua inajikagua.

Ili tufuatane vizuri, chukua karatasi ya grafu. Chora mhimili wa x kutoka 0 hadi 12 na mhimili wa y kutoka 0 hadi 10, kisha weka mistari minne:

Wa kwanza unapita (10, 0) na (0, 10), mstari usiokatika.
Wa pili unapita (12, 0) na (0, 8), nao haukatiki.
Wa tatu umesimama wima pale x ilipo 3, nao umechorwa kwa vipande-vipande.
Wa nne unaanzia (0, 0), unapita (8, 2) na kuendelea, haukatiki.

Sasa tia kivuli umbo la pembe nne ambalo kona zake ni (3, 0.75), (8, 2), (6, 4) na (3, 6). Hilo ndilo eneo letu. Tuliite R. Jifanye hujui mistari hiyo ilitoka wapi. Unachokiona ni picha tu.

Kwanza, kivuli kina maana gani?

Usiandike chochote kabla hujajua kama kivuli kiko kwenye eneo linalotakiwa au lisilotakiwa. Mitindo yote miwili ipo. Shuleni Kenya na Uganda, desturi ni kutia kivuli sehemu isiyotakiwa, ili eneo la majibu libaki jeupe na kona zake zisomeke. Vitabu vingine hufanya kinyume, vikatia kivuli eneo lenyewe la majibu, kama tulivyofanya hapa. Mwanafunzi aliyezoea mtindo mmoja akikutana na wa pili anaweza kugeuza alama zote nne na asishtuke hata kidogo.

Kwa hiyo soma maneno ya swali. "Eneo R lisilo na kivuli" maana yake R ni jeupe. "Eneo lenye kivuli linawakilishwa na..." maana yake kivuli ndicho R. Ukishajua, weka nukta moja ya penseli ndani ya R na uandike herufi R pembeni yake. Kuanzia hapo kivuli hakina kazi tena. Nukta hiyo ndiyo itakayotuongoza. Hili linaonekana dogo, lakini ndilo linaloifanya njia hii ifanye kazi kwa mitindo yote miwili bila kukariri kanuni mbili.

Zunguka mpaka, uhesabu pande

Weka kidole kwenye kona moja ya R, utembee ukingoni mpaka urudi ulikoanzia. Kila mara kidole kinapopinda, umeingia upande mpya. Kila upande unatokana na mstari mmoja, na kila mstari unatoa sharti moja. R yetu ina pande nne, basi tunatafuta masharti manne, si matatu wala si sita.

Nasema si sita kwa sababu kuna mazoea ya kubandika x ≥ 0 na y ≥ 0 mwishoni mwa kila jibu. Masharti hayo ni ya lazima pale mihimili yenyewe inapokuwa ukingo wa eneo. Hapa kidole chetu hakikugusa mhimili hata mara moja. Mstari wa x = 3 umelizuia eneo kushoto, na mstari unaoanzia (0, 0) umelizuia chini. Ukiongeza x ≥ 0 na y ≥ 0 hutakosea, maana kila nukta ya R inayatimiza, ila hayalifungi eneo hili. Kama swali linasema "masharti manne yanayolifunga R", jibu lenye mihimili litakuwa limeacha pande mbili za kweli.

Kinyume chake pia hutokea: grafu inakuwa na mstari wa ziada uliopita mbali, haugusi R popote. Kidole hakiufikii, basi hauhesabiwi.

Mlinganyo wa kila mstari

Kwa kila upande unahitaji nukta mbili ambazo mstari unazipita sawasawa. Usikadirie. Tafuta mahali mstari unapokata mhimili, au unapopita katikati kabisa ya makutano ya mistari ya karatasi. Kabla ya kusoma nukta, angalia vipimo vya mihimili, kwa sababu si lazima mraba mmoja uwe kizio kimoja, wala si lazima mihimili miwili iwe na vipimo sawa.

Mstari ukikata mihimili yote miwili, kuna njia ya mkato. Ukikata x kwenye a na y kwenye b, mlinganyo wake ni

x/a + y/b = 1

Mstari wetu wa kwanza unakata kwenye 10 na 10. Basi x/10 + y/10 = 1, zidisha kwa 10, unapata x + y = 10.

Wa pili unakata x kwenye 12 na y kwenye 8. Basi x/12 + y/8 = 1. Kigawe kidogo cha shirika cha 12 na 8 ni 24; zidisha pande zote kwa 24, unapata 2x + 3y = 24. Hakiki papo hapo kwa kuweka nukta zilezile: (12, 0) inatoa 24, na (0, 8) inatoa 24. Sawa.

Kosa linalorudiarudia hapa ni kubadilishana namba. Mtu anaona 12 upande wa x na 8 upande wa y, anaandika 3x + 2y = 24, kwa kuwa 3 ni kubwa na 12 ni kubwa. Lakini mstari wa 3x + 2y = 24 unakata x kwenye 8 na y kwenye 12, yaani ni mstari mwingine kabisa. Namba iliyo mbele ya x inapokuwa kubwa, mstari hukata mhimili wa x karibu na sifuri. Kosa hili tutakutana nalo tena kwenye machaguo, kwa sababu watunga mitihani wanalijua vizuri.

Mstari wa tatu umesimama wima. Kila nukta yake ina x ile ile: (3, 1), (3, 4), (3, 6). Kwa hiyo mlinganyo wake ni x = 3. Anayeandika y = 3 amefuata macho: mstari unaelekea juu kama mhimili wa y, akadhani unamhusu y. Jiulize tu, katika nukta za mstari huu, ni namba ipi isiyobadilika?

Mstari wa nne unapita (0, 0), na hapo ile njia ya mkato inakwama, maana huwezi kugawa kwa sifuri. Tumia mwinamo, yaani ulichopanda gawanya kwa ulichokwenda. Kutoka (0, 0) hadi (8, 2) umekwenda 8 na kupanda 2, basi mwinamo ni 2/8 = 1/4, na mlinganyo ni y = x/4. Kama hupendi sehemu, zidisha kwa 4: x = 4y. Ila mwinamo uhesabu kwa namba za kwenye mihimili, kamwe si kwa kuhesabu miraba ya karatasi. Kama aliyechora ametumia sentimita 1 kwa kizio cha x na sentimita 2 kwa kizio cha y, miraba itakupa 4/8, na mlinganyo wako utakuwa mkali maradufu.

Sasa tuna mistari minne: x + y = 10, 2x + 3y = 24, x = 3 na x = 4y. Bado hakuna alama hata moja ya ≤ au ≥, na ni vizuri iwe hivyo. Tafuta milinganyo yote kwanza, ndipo ushughulikie alama.

Alama: nukta ya kupima

Rudi kwenye ile nukta uliyoiweka ndani ya R. Ichague yenye namba rahisi, na iwe ndani kweli, isiwe juu ya mstari wowote. Mimi nachukua (5, 3). Iweke kwenye upande wa kushoto wa kila mlinganyo, ulinganishe na upande wa kulia.

x + y: 5 + 3 = 8. Na 8 ni ndogo kuliko 10. Basi alama ni ya "ndogo": x + y ≤ 10.

2x + 3y: 10 + 9 = 19. Ni ndogo kuliko 24. Basi 2x + 3y ≤ 24.

x: 5, ni kubwa kuliko 3. Basi alama ni ya "kubwa".

x na 4y: 5 kwa upande mmoja, 12 kwa upande wa pili. 5 ni ndogo kuliko 12, basi x ≤ 4y.

Hapo kuna jambo la kutazama kwa makini. Kwenye mstari wa nne, R iko *juu* ya mstari, lakini alama iliyotoka ni ≤. Anayetegemea kanuni ya "juu ni ≥, chini ni ≤" angeandika x ≥ 4y na kukosa. Kanuni hiyo ni ya kweli pale tu y imesimama peke yake upande wa kushoto: y ≥ x/4. Ukiandika sharti kwa umbo jingine, juu na chini havikuambii kitu. Vivyo hivyo ukiliandika x − 4y ≤ 0 na ukataka kumtoa y: −4y ≤ −x, kisha unagawa kwa −4 na alama inageuka, y ≥ x/4. Wanaosahau kugeuza alama wanaposhughulika na namba hasi ni wengi, na nukta ya kupima inawaokoa bila kuwadai algebra yoyote: 3 ni kubwa kuliko 1.25, basi.

Kwa nini nukta moja inatosha kwa mstari mzima? Kwa sababu mstari ulionyooka huigawa karatasi pande mbili tu, na nukta zote za upande mmoja hutoa jibu la aina moja. Huwezi kupita kutoka "ndogo kuliko 24" hadi "kubwa kuliko 24" bila kukanyaga 24 yenyewe, yaani bila kuuvuka mstari.

Watu hupenda kupima kwa (0, 0) kwa kuwa hesabu yake ni nyepesi. Inawezekana, lakini kwenye grafu kama hii itakusumbua. Nukta (0, 0) iko nje ya R, hivyo kwa kila mstari itabidi ujiulize pia kama iko upande mmoja na R au upande mwingine. Kwa x + y = 10 iko upande mmoja na R, kwa x = 3 iko upande wa pili, na kwa x = 4y iko juu ya mstari wenyewe, haipimi chochote: 0 = 0. Nukta iliyo ndani ya R haina mambo hayo.

Kilichobaki ni usawa. Mstari usiokatika unahesabiwa kuwa sehemu ya eneo, kwa hiyo alama yake ni ≤ au ≥. Mstari wa vipande-vipande hauhesabiwi, na alama yake ni < au >. Mistari yetu mitatu haikatiki. Ule wa wima ni wa vipande. Basi masharti ya R ni:

x + y ≤ 10
2x + 3y ≤ 24
x > 3
x ≤ 4y

Kona mbili za kushoto, (3, 0.75) na (3, 6), zimekaa juu ya mstari wa vipande. Kwa hiyo si za R, ingawa kwenye picha zinaonekana kama kona nyingine yoyote.

Ukipewa machaguo

Hapa ndipo penye kazi tofauti kidogo, kwa sababu unaweza kulipata jibu bila kutafuta mlinganyo hata mmoja, na pia unaweza kudanganyika ukadhani umelipata. Tuseme swali limekuletea haya:

A: x + y ≤ 10, 2x + 3y ≤ 24, x > 3, x ≥ 4y
B: x + y ≤ 10, 2x + 3y ≤ 24, x > 3, x ≤ 4y
C: x + y ≥ 10, 2x + 3y ≤ 24, x > 3, x ≤ 4y
D: x + y ≤ 10, 3x + 2y ≤ 24, x > 3, x ≤ 4y
E: x + y ≤ 10, x > 3, x ≤ 4y

Kipimo cha kwanza ni nukta ya ndani, (5, 3). Sharti lolote linalokataa nukta iliyo ndani ya R linaliondoa chaguo lake. A inasema 5 ≥ 12: si kweli, A imetoka. C inasema 8 ≥ 10: si kweli, C imetoka. Lakini D inapita, kwa kuwa 15 + 6 = 21, nayo haizidi 24. E pia inapita. Aliyefundishwa kupima kwa nukta moja tu angebaki na tatu mkononi, au akiona B inapita angeichagua na kusonga mbele bila kujua kama ni ujuzi au bahati.

Nukta ya ndani inajua mwelekeo, haijui mstari uko wapi hasa. Ndiyo maana kipimo cha pili ni kona. Chukua kila kona ya R na uiweke kwenye kila sharti la chaguo lililobaki. Kona (6, 4) kwenye D: 18 + 8 = 26, nayo inazidi 24. D inaitupa nje kona ambayo ni halali ya R, basi D si jibu. Ndilo lile kosa la kubadilishana 2 na 3, na nukta ya ndani isingelibaini.

Uzuri wa kona ni kwamba ukizimaliza zote umelimaliza eneo zima. R limefungwa na mistari iliyonyooka na halina sehemu iliyobonyea kwenda ndani, hivyo sharti likikubali kona zote linakubali na kila kilicho kati yake. Ila kwenye kona zilizoko juu ya mstari wa vipande, kubali usawa kwa ajili ya kipimo hiki: (3, 6) inatoa x = 3, nasi tunajua huo ni mpaka tu. Na upande wenye vipande uulinganishe na alama peke yake: chaguo lililoandika x ≥ 3 lingepita vipimo vyote vya namba, na kitu pekee cha kulikataa ni ule mkatiko wa mstari kwenye picha.

E bado ipo. Kona zote zinaikubali, kwa sababu E haijakosea kitu, imepungukiwa. Imesahau sharti la pili, hivyo eneo lake ni kubwa kuliko R. Nukta za ndani haziwezi kukuonyesha upungufu, kwani zote zinapita. Unahitaji nukta ya nje, na si nukta yoyote ya nje: toka R hatua fupi kwa kuvuka upande mmoja tu, karibu na katikati ya upande huo. Nimevuka kila upande mara moja:

Nukta (4, 5.5) imevuka upande wa 2x + 3y = 24.
Nukta (7, 3.25) imevuka upande wa x + y = 10.
Nukta (2.5, 3) imevuka upande wa x = 3.
Nukta (5, 1) imevuka upande wa x = 4y.

Chaguo sahihi lazima likatae kila moja ya hizi. Iweke (4, 5.5) kwenye E: 9.5 haizidi 10, sawa. 4 ni zaidi ya 3, sawa. 4 haizidi 22, sawa. E imeikaribisha nukta ambayo picha imeiacha nje. E imetoka. Iweke hiyo hiyo kwenye B: 8 + 16.5 = 24.5, inazidi 24, imekataliwa. Zile tatu nyingine nazo B inazikataa, kila moja kwa sharti lake: 7 + 3.25 = 10.25 imezidi 10, 2.5 haijavuka 3. Na 5 imezidi 4.

Kwenye chumba cha mtihani huhitaji kuyafanya haya yote kwa kila chaguo. Yatazame machaguo kwanza, uone yanatofautiana wapi. Kama yote yana x > 3, usipoteze muda hapo. Kama mawili yanatofautiana kwa 2x + 3y na 3x + 2y, nenda moja kwa moja kwenye kona iliyo kwenye upande huo. Kama moja ni fupi kuliko mengine, nukta ya nje ndiyo dawa yake.

Kuhakiki kwa kompyuta au simu

Ukiwa nyumbani, GeoGebra itakuchorea eneo la masharti yako ili ulilinganishe na picha ya swali. Andika masharti yote kwenye mstari mmoja, ukiyaunganisha kwa alama ya "na":

```
x + y <= 10 && 2x + 3y <= 24 && x > 3 && x <= 4y
```

Itatia kivuli sehemu inayotimiza masharti yote kwa pamoja. Kumbuka hapo kivuli ni eneo linalotakiwa, hata kama kitabu chako kinafanya kinyume. Kisha geuza alama moja makusudi uone umbo linavyobadilika. Nina sababu ya kukutuma ufanye hivyo.

Alama moja ikigeuka

Sasa niipe grafu yetu hadithi yake, kwa namba nilizozitunga. Mkulima ana ekari 10. Ekari ya mahindi inamgharimu shilingi 200,000 na ya maharage 300,000, naye ana mtaji wa 2,400,000. Lazima mahindi yazidi ekari 3 kwa ajili ya chakula cha nyumbani, na hataki mahindi yazidi mara nne ya maharage, ili udongo upate kupumzishwa kwa zamu. Ekari za mahindi ni x, za maharage ni y. Yasome tena masharti manne ya R utaona kila moja limepata mwenyewe: ardhi, mtaji (baada ya kugawa kwa 100,000), chakula na zamu.

Hadithi nayo ni kipimo. Ukisoma grafu ukapata 4x ≤ y badala ya x ≤ 4y, geuza sharti liwe maneno: mahindi yakizidishwa mara nne hayafikii kuzidi maharage. Kona ya (8, 2) ingekuwa inasema 32 ≤ 2. Hapo hata asiyejua grafu angecheka.

Tuseme faida ni 300,000 kwa ekari ya mahindi na 400,000 kwa ekari ya maharage. Kwenye kona (8, 2) faida ni 3,200,000. Kwenye (6, 4) ni 3,400,000. Kwenye (3, 6) hesabu inatoa 3,300,000, na kona hiyo haimo hata hivyo. Ile ya chini, (3, 0.75), inatoa 1,200,000. Kwa hiyo alime ekari 6 za mahindi na 4 za maharage.

Sasa mchukue mtu aliyechagua C, aliyeandika x + y ≥ 10 na mengine yote akapatia. Eneo lake si R tena. Ni pembetatu ndogo nyembamba iliyo upande wa pili wa mstari wa ardhi, kona zake (6, 4), (8, 2) na pale 2x + 3y = 24 inapokutana na x = 4y, yaani takribani (8.73, 2.18). Akipiga hesabu ya faida kwenye kona hiyo ya tatu atapata karibu 3,490,000, kubwa kuliko jibu letu. Mtaji unatosha, maana kona iko juu ya mstari wa mtaji. Chakula kipo. Zamu imetimia. Hesabu yake ni safi kuanzia mwanzo hadi mwisho, na atamwambia mkulima mwenye ekari 10 alime ekari 10.9.